Dola 18 kwa Saa ni Ngapi kwa Mwaka?

Marekani watu wengi hulipwa kwa saa lakini huulizwa kwa mwaka. Tangazo la kazi katika ghala, nyumba ya kutunzia wazee, hoteli au jiko la shule huandika malipo ya saa, basi. Baadaye mwenye nyumba anataka kujua mpangaji anaingiza kiasi gani kwa mwaka. Benki inauliza hivyo hivyo kabla ya kutoa mkopo wa gari. Fomu ya bima ya afya ina kisanduku chake, na fomu ya kumdhamini mke anayesubiri viza Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu nayo ina chake. Mtu anashika kalamu, anazidisha malipo ya saa kwa namba fulani aliyoisikia kwa wenzake, anaandika jibu. Mara nyingi jibu hilo ni kubwa kuliko fedha atakazopata, kwa sababu ndani yake zimo saa ambazo hakuna atakayemlipa.

Wanaotoka Afrika Mashariki wana sababu nzuri ya kuteleza hapo. Aliyewahi kuajiriwa rasmi nyumbani amezoea mshahara wa mwezi, na mwezi wa likizo humlipa sawa na mwezi wa kazi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka yenye malipo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataja siku zisizopungua 21 za kazi kwa malipo kamili. Hata Uingereza, ambako wengi wetu nao hulipwa kwa saa, sheria inampa mfanyakazi wiki 5.6 za likizo yenye malipo kila mwaka.

Marekani hakuna sheria ya taifa ya namna hiyo. Sheria kuu ya ujira ya mwaka 1938 iliweka kima cha chini, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25 kwa saa, ikaweka na ovataimu. Likizo haikuigusa. Sikukuu haikuzigusa. Zipo sikukuu 11 za serikali kuu, lakini hizo zinawafunga watumishi wa serikali hiyo. Mwajiri binafsi anaweza kufunga mlango siku ya Krismasi na asimlipe kitu anayelipwa kwa saa, na hajavunja sheria ya taifa. Wengi hulipa, ila hulipa kwa sababu sera ya kampuni imesema hivyo. Basi sikukuu ya mtu mmoja ni siku ya mapumziko yenye fedha, na ya jirani yake wa ghala la pili ni siku ya kupoteza fedha, ingawa wote wawili wanaambiwa kazi yao ni dola 18 kwa saa.

Namba ambayo karibu kila mtu huitumia ni 2,080. Imetokana na saa 40 kwa wiki mara wiki 52. Ukizidisha 2,080 kwa dola 18 unapata 37,440. Namba hii haina kosa lolote kwa mtu anayelipwa saa 40 katika kila wiki ya mwaka, akiwa kazini, akiwa mgonjwa au akiwa kwao Tanga. Mtu huyo yupo, na kwa kawaida ni mwajiriwa wa kudumu mwenye likizo na sikukuu zenye malipo. Kwa aliyeajiriwa kupitia wakala, 2,080 ni dari. Ni saa nyingi kabisa anazoweza kulipwa bila ovataimu, na mwaka wake wa kweli utakuwa chini ya hapo.

Kuna njia ya mkato ya wazee wa kazi: chukua malipo ya saa, yazidishe mara mbili, kisha weka sifuri tatu. Dola 18 zinakuwa 36,000. Njia hii ni hesabu ya saa 2,000, yaani wiki 50 za saa 40, kwa hiyo tayari imeshatoa wiki mbili zisizolipwa. Kwa makisio ya haraka barabarani inafaa kuliko 2,080. Ukishaipata, kumbuka kwamba kila wiki nyingine usiyolipwa inakula karibu asilimia mbili ya mwaka wako.

Kabla ya kuendelea, yafaa nitaje hesabu tatu potofu ninazokutana nazo ninapowasaidia watu kujaza fomu, maana kila moja inaleta jibu linaloonekana la busara. Ya kwanza ni ya anayesema: saa nane kwa siku, siku 30 kwa mwezi, miezi 12. Hizo ni saa 2,880, na dola 18 zinageuka 51,840. Amehesabu Jumamosi na Jumapili zote. Ndiyo hesabu inayofanywa sana nyumbani, simu ikiwa imeshakatika, na ndiyo inayozaa maombi ya ada na mabati ambayo aliyeko ughaibuni hawezi kuyatimiza.

Ya pili inakwenda upande wa pili. Mtu anachukua malipo ya wiki, dola 720, anazidisha kwa nne apate mwezi, kisha kwa 12. Anapata 34,560. Hapa amepoteza wiki nne nzima, kwa kuwa miezi 12 ya wiki nne ni wiki 48 tu. Mwezi wa wastani una wiki nne na theluthi. Wanaolipwa kila baada ya wiki mbili huliona jambo hili wenyewe: kwa mwaka hupokea malipo 26, si 24, na ipo miezi miwili ambayo malipo huingia mara tatu.

Ya tatu imejificha kwenye mlo wa mchana. Zamu inaanza saa mbili asubuhi na kwisha saa kumi na nusu jioni. Hizo ni saa nane na nusu, na mtu anazihesabu hivyo. Lakini nusu saa ya kula, mradi umeachiwa kabisa kazi, mwajiri halazimiki kuilipa, na wengi hawailipi. Mapumziko mafupi, yasiyozidi dakika 20, ndiyo yanayohesabiwa kuwa ni saa za kazi. Nusu saa hiyo kwa siku tano za wiki kwa wiki 52 inafika saa 130, na kwa dola 18 ni dola 2,340 za hewa. Usihesabu muda uliokaa kazini. Hesabu saa zilizoandikwa kwenye hati yako ya mshahara.

Sasa tufanye hesabu nzima ya mtu mmoja. Tuseme ni kijana aliyeko Columbus, Ohio, amepelekwa kwenye ghala na wakala wa ajira kwa dola 18 kwa saa, siku tano kwa wiki, saa nane zenye malipo kwa siku. Jimbo la Ohio halina sheria inayomlazimisha mwajiri binafsi kulipa siku za ugonjwa. Wakala wake hatoi likizo yenye malipo. Ghala linafunga sikukuu sita: Mwaka Mpya, Siku ya Kumbukumbu mwezi Mei, tarehe 4 Julai, Siku ya Wafanyakazi mwezi Septemba, Siku ya Shukrani mwezi Novemba na Krismasi. Zote hazilipwi.

Anaanza na 2,080, kisha anatoa kimoja kimoja. Mwezi Julai anakwenda kwao kwa wiki tatu. Hizo ni saa 120. Halafu anazigeukia sikukuu, na hapa panahitaji uangalifu. Tarehe 4 Julai imo ndani ya safari yake, na ameshaitoa pamoja na zile wiki tatu. Akiitoa tena atakuwa ameikata siku moja mara mbili. Zimebaki sikukuu tano, saa 40. Kosa hili la kukata mara mbili humpata hasa anayesafiri Desemba, kwa kuwa Krismasi na Mwaka Mpya zote mbili humezwa na safari.

Magonjwa na miadi ya daktari au ya uhamiaji anayakadiria kuwa siku nne, saa 32. Makisio hayo aliyatoa kwenye mwaka uliopita, si kwenye matumaini. Mwisho kuna kipande ambacho karibu kila mtu hukisahau, nacho ni zile wiki ambazo kazi ipo nusu nusu. Baada ya msimu wa Krismasi mizigo hupungua, na Januari na Februari msimamizi huwaambia watu waende nyumbani mapema, au wasije Ijumaa. Hakuna anayeiita likizo. Mtu anakumbuka alikuwa kazini mwezi mzima. Lakini wiki sita za saa 32 badala ya 40 zimeondoa saa 48.

Jumla ya saa zisizolipwa ni 240. Zinabaki 1,840, na kwa dola 18 ni dola 33,120 kwa mwaka. Kati ya namba hii na ile 37,440 ya mwanzo kuna tofauti ya dola 4,320. Kwa mwezi, badala ya dola 3,120 anapata wastani wa 2,760. Wenye nyumba wengi hutaka mapato ya mpangaji yawe mara tatu ya kodi, kwa hiyo namba ya kwanza ingemruhusu nyumba ya dola 1,040 na ya pili inamruhusu ya 920. Akipanga ile ya 1,040 atailipa vizuri tu miezi yenye kazi kamili, kisha Julai itamkuta nyumbani kwao akila akiba, na Februari itamkuta bila akiba.

Namba zote hizi ni kabla ya makato. Kwenye hizo 33,120, michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya uzeeni peke yake inachukua asilimia 7.65, karibu dola 2,534, hata kabla ya kodi ya mapato. Fomu na wenye nyumba huuliza namba ya kabla ya makato, lakini mpango wa matumizi ya nyumbani ufanywe kwa kile kinachoingia benki.

Msomaji atauliza: na ovataimu je, haitazifidia saa zilizopotea? Kwa sehemu, ndiyo. Saa inayozidi 40 ndani ya wiki moja hulipwa mara moja na nusu, yaani dola 27 kwa kijana huyu. Lakini kila wiki inasimama peke yake. Wiki ya saa 32 mwezi Februari haichanganywi na wiki ya saa 48 mwezi Novemba. Tena sikukuu haiingii katika kuzihesabu zile 40, hata pale inapolipwa, kwa sababu kinachohesabiwa ni saa ulizofanya kazi. Katika wiki ya Siku ya Shukrani, aliyefanya saa 32 kisha akaongezwa saa tano jumla yake ni 37, na saa hizo tano atalipwa dola 18 kila moja, hakuna ovataimu. Majimbo machache, California ikiwamo, yana masharti ya siku pia, lakini Ohio si mojawapo.

Ushauri wangu ni kuiweka ovataimu kwenye mstari wake. Hesabu kwanza mwaka bila hiyo. Kisha, kama hati za mwaka jana zinaonyesha uliipata kweli, andika ulizipata saa ngapi. Ovataimu iliyoahidiwa kwa mdomo siku ya usaili isiingie popote. Mwajiri anaweza kuifuta wiki yoyote, na huifuta mara tu mizigo inapopungua, wakati uleule ambao hata saa zako za kawaida zinapungua.

Faida kubwa ya hesabu hii huonekana pale mtu anapochagua kati ya kazi mbili. Tuseme kijana yuleyule anapata nafasi ya kuajiriwa moja kwa moja na ghala jingine, si kupitia wakala, kwa dola 17. Wenzake wanamwambia ni kurudi nyuma. Lakini kazi hiyo inalipa zile sikukuu sita, inatoa siku 15 za likizo yenye malipo, na saa 40 zimeandikwa kwenye barua ya ajira. Mahitaji yake hayajabadilika: wiki tatu kwao na siku nne za magonjwa na miadi. Safari itamgharimu siku 14 za likizo, kwa kuwa tarehe 4 Julai sasa inalipwa. Ukiongeza siku nne anahitaji 18, naye ana 15. Siku tatu hazitalipwa, saa 24. Atalipwa saa 2,056, na kwa dola 17 anapata dola 34,952.

Kazi ya dola 17 imeipita ile ya dola 18 kwa dola 1,832. Mtu makini anaweza kusema sehemu ya tofauti hiyo ni zile wiki mbovu za Januari na Februari, na ni kweli. Basi tuzirudishe: hata kama kazi ya wakala isingepunguza saa moja, ingemlipa saa 1,888, dola 33,984, na bado ingekuwa nyuma kwa dola 968. Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hili. Kwenye kazi ya pili, ukiondoa sikukuu na likizo, saa anazofanya kazi kwa mikono yake ni zilezile 1,888. Gawanya 34,952 kwa saa hizo, unapata dola 18 na senti 51 kwa kila saa aliyotoka jasho. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha, na tangazo la kazi halitaiandika kamwe.

Hesabu hii pia inategemea mtu mwenyewe. Asiyesafiri, asiyeugua, anayepewa saa 40 bila kukatwa, huyo kwake dola 18 bila likizo inaweza kushinda: siku sita za sikukuu zikitoka, anabaki na saa 2,032, dola 36,576, dhidi ya dola 35,360 za kazi ya pili. Ila basi anakuwa amefanya kazi mwaka mzima bila kupumzika hata wiki moja, na kazi ya pili inampa siku 15 ambazo bado hajazitumia. Kwa mtu mwenye mama mzee nyumbani, mimi ningemshauri achukue ya 17 bila kusita.

Mahali unapoishi nako kuna uzito. Baadhi ya majimbo na miji imejitungia sheria zake. Minnesota, ambako Waswahili na Wasomali ni wengi, tangu Januari 2024 mfanyakazi anajikusanyia saa moja ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 anazofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka. Mtu wetu wa Columbus angehamia huko, zile saa 32 za magonjwa zingelipwa, na mwaka wake ungepanda kwa dola 576 bila malipo ya saa kubadilika hata senti.

Kundi linalopotoshwa zaidi na malipo ya saa ni wafanyakazi wa shule. Wasaidizi wa walimu, madereva wa mabasi, wapishi na wahudumu wa kantini: kazi hizi huwavutia kina mama wengi wa kwetu, kwa kuwa mtu anarudi nyumbani pamoja na watoto. Tangazo linasema dola 20 kwa saa. Kwa 2,080 hiyo ni dola 41,600, na nimeona watu wakiiacha kazi ya hospitali kwa ajili ya namba hiyo. Lakini mwaka wa shule katika majimbo mengi una siku 180 hivi za masomo, na kazi nyingi za namna hii hazifiki saa nane kwa siku. Kwa saa sita na nusu mara siku 180, jumla ni saa 1,170. Mara dola 20, ni dola 23,400. Imebaki kidogo zaidi ya nusu.

Wilaya nyingine hulipa baadhi ya sikukuu na siku za mafunzo ya watumishi, kwa hiyo kalenda ya ajira iombwe na isomwe. Idadi ya siku zenye malipo huandikwa humo. Wilaya nyingine humruhusu mtu agawanyiwe mshahara kwa miezi 12. Hapo atapokea dola 1,950 kila mwezi, Julai ikiwamo, na wengi hufurahi wakidhani wanalipwa likizo. Hawalipwi likizo. Ni fedha zao wenyewe za Septemba hadi Mei zilizozuiwa kidogo kidogo, na mwaka unabaki 23,400.

Kiangazi hicho kina mtego mwingine. Mfanyakazi wa ghala aliyesimamishwa kwa kukosa kazi anaweza kuomba fao la ukosefu wa ajira. Mfanyakazi wa shule kwa kawaida hawezi kulipata kati ya muhula na muhula, mradi shule imempa uhakika wa kutosha kwamba atarudi. Minnesota ilibadilisha utaratibu huo mwaka 2023 kwa wafanyakazi wa shule wanaolipwa kwa saa, lakini majimbo mengi hayajafanya hivyo. Kwa hiyo anayeingia kazi hii aweke kwenye hesabu yake wiki kumi au zaidi za kiangazi zisizo na mshahara wala fao, au awe ameshapata kazi ya msimu huo na aihesabu pembeni, kwa saa zake na malipo yake.

Nirudi kwa kijana wa Columbus, kwa sababu namba yake ina kazi nyingine ya kufanya. Ana mtoto anayeishi naye, na anataka kumleta mke. Fomu ya udhamini, I-864, inamtaka aonyeshe kwamba mapato yake yanafikia asilimia 125 ya mstari wa umaskini unaotangazwa na serikali kila mwaka. Kwa viwango vya 2025, kaya ya watu watatu, yeye, mtoto na mke anayekuja, inahitaji dola 33,312. Akizidisha kwa 2,080 ataandika 37,440 na kujiona yuko salama. Namba yake ya kweli ni 33,120. Amepungukiwa na dola 192.

Ofisa hasomi fomu peke yake. Fomu inaambatana na taarifa ya kodi, na mara nyingi barua ya mwajiri na hati za mshahara, na kodi ya mwaka haitasema 37,440. Namba mbili zisizolingana huzaa barua ya kudai ushahidi zaidi, na barua hiyo huongeza miezi. Hata hivyo upungufu huu ni mdogo: dola 192 hazifiki malipo ya saa 11. Kama kijana angeifanya hesabu mwezi Januari, angefupisha safari ya Julai kwa siku mbili tu na kuvuka. Ovataimu ya Novemba nayo ingeweza kumvusha. Na kama saa haziongezeki, sheria inamruhusu kutafuta mdhamini wa pamoja mwenye kipato cha kutosha, au kuonyesha mali. Lakini hayo yote huhitaji muda, na muda anao yule anayejua mapema kwamba amepungukiwa.

Aliyekwisha kuanza kazi hana haja ya kukisia kila kitu. Hati ya mshahara ina safu iliyoandikwa YTD, yaani jumla tangu mwaka uanze. Chukua jumla hiyo ya kabla ya makato, igawanye kwa malipo yako ya saa, na kama hukuwa na ovataimu utapata saa ulizolipwa kweli. Kijana wetu mwisho wa Juni, wiki 26 zikiwa zimepita, hati yake inasoma dola 17,280. Ukigawanya kwa 18 ni saa 960. Wiki 26 kamili zingekuwa na saa 1,040, hivyo 80 zimeshapotea: 48 za msimu mbovu, 16 za sikukuu mbili, 16 za siku mbili za ugonjwa.

Wengine wakifika hapo huzidisha kwa mbili na kusema mwaka ni dola 34,560. Wasifanye hivyo kabla ya kuitazama nusu ya pili. Kwa kijana huyu, safari yote bado iko mbele, na sikukuu tatu nje ya safari, na siku mbili nyingine za ugonjwa. Nusu ya pili itampa saa 880, dola 15,840. Ukijumlisha na 17,280 unarudi palepale, 33,120. Nusu mbili za mwaka hazifanani kwa mtu anayelipwa kwa saa, na anayekadiria mwaka wake kutoka kwenye Novemba yenye ovataimu atapotea vibaya kuliko aliyekadiria kutoka kwenye Februari.

Kwa hiyo unapopewa kazi ya malipo ya saa, usitie saini kabla hujaulizia mambo haya, na majibu yawe kwenye maandishi: saa ngapi kwa wiki zimehakikishwa, mlo wa mchana unalipwa au haulipwi, sikukuu zipi zinafungwa na zipi kati ya hizo zinalipwa, siku za likizo na ugonjwa ni ngapi na zinaanza kutumika baada ya muda gani, na mwaka jana kazi ilipungua miezi ipi. Swali la mwisho muulize mfanyakazi wa siku nyingi wa hapo, si msimamizi. Kisha hesabu saa zako kwanza, hadi zikamilike, ndipo uzidishe kwa dola. Na ukitaja mshahara wako kwa ndugu walioko nyumbani, wape namba hiyo ya mwisho, ya mwaka mzima na baada ya makato, ili wanapopanga ada ya mtoto wapange kwa fedha zilizopo.